Volti 165 na volti 140 zinapotoa 230

"Mwalimu, hii mita ni mbovu."

Kijana wa mwaka wa pili aliyesema hivyo alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Juu ya meza ya karakana alikuwa amefunga saketi fupi: balbu ya uzi ya wati 100 na choki iliyotolewa kwenye taa ya tyubu ya futi nne. Alikuwa ameviunganisha kwa mfululizo, yaani umeme ukitoka kwenye soketi unapita kwenye balbu, kisha kwenye choki, halafu unarudi. Alipopima soketi alipata volti 230. Alipopima ncha mbili za balbu alipata 165. Ncha mbili za choki zikampa 140. Akajumlisha 165 na 140, akapata 305. Akapima upya yote matatu, namba zikarudi zilezile.

Nilimpa mita nyingine kutoka kabatini. Nayo ikasema hivyohivyo. Sasa hakuwa na kitu cha kulaumu, na swali lake likabaki pale mezani: soketi inatoa volti 230, hizi 75 za ziada zimetoka wapi?

Nimefundisha umeme kwa miaka mingi na bado naamini hakuna mlango mzuri zaidi wa kuingilia kwenye mkondo geu kuliko swali hili. Angekuwa anatumia betri, jumla ingekubali bila ubishi. Volti za balbu ukiongeza na volti za koili zingekuwa sawa na volti za betri, mwisho wa habari. Lakini umeme wa majumbani kwetu hausimami mahali pamoja. Unapanda, unashuka hadi sifuri, unageuka upande wa pili, unarudi, na kufanya hivyo mara 50 kila sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Ile 230 inayosomeka kwenye mita ni thamani ya wastani wa aina yake, inayolingana na uwezo wa umeme huo wa kutoa joto. Kileleni volti zinafika 325 hivi.

Kwa hiyo mita inapompa kijana 165 na 140, inamwambia ukubwa wa mawimbi mawili. Haimwambii kama mawimbi hayo yanafika kileleni kwa pamoja. Na hayafiki.

Balbu ni mtii. Mkondo ukipanda, volti zake zinapanda. Mkondo ukiwa sifuri, volti zake ni sifuri. Vinatembea bega kwa bega. Choki ina tabia nyingine, kwa sababu ni waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma, na koili ya namna hiyo hailali kwa ajili ya ukubwa wa mkondo, inapinga mabadiliko ya mkondo. Tazama wimbi la mkondo linapofika kileleni. Pale juu kabisa, kwa kitambo kidogo sana, haliongezeki wala halipungui. Koili haina cha kupinga, kwa hiyo volti zake zinakaribia sifuri. Lakini mkondo unapokatiza sifuri ndipo unapobadilika kwa kasi kuliko wakati wowote, na hapo ndipo koili inapodai volti nyingi kabisa. Kilele cha volti za koili kinatangulia kilele cha mkondo kwa robo ya mzunguko, yaani milisekunde 5.

Robo ya mzunguko ni digrii 90. Hapa ndipo michoro ya fazori inapoingia.

Chukua baiskeli, igeuze miguu juu kama afanyavyo fundi anapoziba pancha, na uzungushe gurudumu la mbele kinyume cha mshale wa saa. Funga kipande cha kitambaa kwenye njiti moja na utazame kimo chake tu, usitazame duara lenyewe. Kitambaa kinapanda, kinashuka, kinapanda. Kimo hicho ukikichora kwa kufuata muda unapata wimbi lilelile la umeme wa soketi. Sasa funga kitambaa cha pili kwenye njiti iliyotangulia ya kwanza kwa digrii 90. Nacho kitapanda na kushuka kwa mwendo uleule, lakini kitafika juu mapema. Njiti hizo mbili hazitafutani wala hazikimbiani, kwa sababu gurudumu ni moja. Pembe kati yake haibadiliki hata ukizungusha siku nzima.

Fazori ni njiti hiyo. Ni mshale ambao urefu wake ni ukubwa wa volti au mkondo, na uelekeo wake unaonyesha umetangulia au umechelewa kiasi gani. Kwa kuwa mishale yote ya saketi moja inazunguka kwa kasi moja, tunasimamisha gurudumu kama kwenye picha na kuchora mishale ilivyo. Mawimbi matatu yanayosumbua macho yanageuka kuwa mistari mitatu mifupi kwenye karatasi.

Nilimwambia kijana alete karatasi ya grafu, rula, bikari na kipimapembe. Tukakubaliana sentimita moja iwe volti 20.

Jambo la kwanza ni kuamua mshale upi ulazwe chini kama msingi. Wengi huvutwa kuanza na volti za soketi, kwa kuwa ndizo zinazoleta umeme. Ni kujitaabisha. Kwenye saketi ya mfululizo kitu kinachoshirikiwa na kila kifaa ni mkondo; ule unaopita kwenye balbu ndio unaopita kwenye choki, kwa wakati uleule. Basi mkondo ndio unaolazwa mlalo kuelekea kulia, na kila kitu kingine kinapimwa kutokea hapo. Volti za balbu zinalala juu ya mkondo: volti 165, yaani sentimita 8.25 kwenye mstari wa mlalo. Volti za koili zinatangulia, na kwa kuwa gurudumu letu linazunguka kinyume cha saa, kutangulia ni kuelekea juu. Ukichora mshale wa koili ukielekea chini umechora kapasita, na kosa hili nimelisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote.

Kijana aliweka ncha ya penseli mwisho wa mshale wa balbu, akapandisha mstari wa wima wa sentimita 7, ambazo ndizo volti 140 za choki. Kisha akaunganisha mwanzo na mwisho. Mstari huo wa mshazari ndio unaopaswa kuwa volti za soketi, kwa sababu mishale hujumlishwa kwa kufuatanishwa mkia kwa ncha. Ukienda hatua 165 mashariki na 140 kaskazini, hujafika hatua 305 kutoka ulikoanza. Uso wake ukafunguka. Akapima kwa rula: sentimita 10.8. Mara 20, volti 216.

Tulikuwa tumetoka 305 na kufika 216, lakini soketi inasema 230.

Hapa vitabu vingi vya shule vinanyamaza, kwa sababu mifano yake ina koili isiyo na ukinzani hata kidogo, na pembetatu yake inafunga vizuri kwenye digrii 90 kila mara. Kwa koili hiyo ya kitabuni pembe ya awamu, yaani pembe kati ya volti za soketi na mkondo, hupatikana kwa mstari mmoja:

```
tan φ = VL / VR
```

Kwa namba zetu, 140 kugawa kwa 165 ni 0.848, na pembe inatoka digrii 40.3. Mwanafunzi anaandika jibu na kufunga daftari. Lakini mita imeshatuambia kwamba pembetatu hiyo si ya kweli. Volti 14 zilizopungua si kosa la kupima. Ni taarifa kuhusu choki.

Choki halisi ni mamia ya mizunguko ya waya wa shaba, na waya huo una ukinzani wake. Kwa hiyo volti 140 zilizosomwa kwenye ncha zake zina sehemu mbili ambazo huwezi kuzitenganisha kwa mita, kwa kuwa hakuna mahali pa kuweka ncha ya waya wa mita kati ya ukinzani na koili. Ni waya uleule mmoja. Sehemu moja ni ya koili safi na inasimama wima. Nyingine ni ya ukinzani na inalala pamoja na mkondo. Mshale wa choki kwa jumla haujasimama wima kabisa, umeinama kidogo kuelekea kulia. Umeinama kiasi gani, hatujui. Lakini tunajua urefu wa pande zote tatu, na pembetatu yenye pande tatu zinazojulikana haina namna mbili za kukaa.

William Ayrton na William Sumpner walilitumia jambo hili London mwaka 1891 kupima nguvu ya umeme geu kwa kusoma volti mara tatu tu. Katika meza yetu tulirudia kazi yao kwa bikari.

Kijana alifuta mstari wa wima na mshazari, akabakisha ule wa mlalo wa sentimita 8.25. Akafungua bikari sentimita 11.5, ambazo ndizo volti 230, akachoma sindano mwanzo wa mstari na kuchora tao juu upande wa kulia. Akafunga bikari hadi sentimita 7, akachoma sindano mwisho wa mstari, akachora tao la pili. Matao yakakatana. Akaunganisha mahali hapo na ncha zote mbili, na pembetatu ikafunga yenyewe bila kulazimishwa. Upande wa choki ulikuwa umeinama kulia, kidogo tu. Akaweka kipimapembe kwenye kona ya kushoto, akasoma digrii 37.

Ukitaka usahihi zaidi ya ule wa penseli, kona hiyo inapatikana kwa kanuni ya kosaini tuliyoisoma sekondari:

```
cos φ = (V² + VR² − VL²) / (2 × V × VR)
      = (52900 + 27225 − 19600) / 75900
      = 0.797
φ     = 37.1°
```

Hii ndiyo pembe ya awamu ya saketi yetu. Mkondo unachelewa nyuma ya volti za soketi kwa digrii 37.1, na kwa kuwa mzunguko mzima wa digrii 360 ni milisekunde 20, uchelewaji huo ni milisekunde 2 na kitu kidogo. Soketi inafika kileleni, na milisekunde mbili baadaye ndipo mkondo, na volti za balbu pamoja nao, unafika kileleni.

Kijana hakuridhika bado, nami nilimpenda kwa hilo. Aliuliza kama volti zinajumlishwa "kwa kona" namna hii, je, ile sheria ya kwamba volti za vifaa lazima zijumlike kuwa volti za chanzo imevunjwa? Haijavunjwa. Inafanya kazi kila kitambo, ila haifanyi kazi kwenye namba za mita. Tukachagua kitambo kimoja: pale mkondo ulipo kileleni. Balbu nayo iko kileleni, volti 233. Choki, ambayo ingekuwa sifuri kama isingekuwa na ukinzani, ina volti 26. Jumla ni 259. Soketi wakati huohuo imeshapita kilele chake cha 325 na inashuka, na ukikokotoa 325 mara kosaini ya 37.1 unapata 259. Tukachagua kitambo kingine, pale mkondo unapokatiza sifuri ukipanda. Balbu haina hata volti moja. Choki ina 196. Na soketi? Ni 325 mara saini ya 37.1: 196. Sheria iko palepale. Tulichokuwa tunajumlisha kimakosa ni vilele vya nyakati tofauti, kama mtu anayejumlisha maji yaliyojaa Tanga asubuhi na yaliyojaa jioni, akadai kina cha bahari ni mara mbili.

Baada ya hapo pembetatu iliendelea kutoa siri zake. Mkondo tulikuwa tumeusoma: ampea 0.36. Volti 165 kugawa kwa 0.36 ni omu 458, ukinzani wa balbu ikiwa inawaka. Nasisitiza ikiwa inawaka, kwa sababu mwanafunzi mwingine kwenye meza ya jirani alikuwa ametafuta njia ya mkato. Alichomoa balbu, akaipima kwa mita ikiwa baridi, akapata karibu omu 40, akatumia namba hiyo kwenye hesabu. Pembe yake ikatoka karibu digrii 77. Uzi wa balbu ni wa tangsteni, na ukipata moto ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi. Namba ya baridi haina kazi hapa, na dalili ya kosa lake ilikuwa wazi: saketi yenye pembe ya digrii 77 ingekuwa na volti nyingi kwenye choki na chache sana kwenye balbu, wakati mita ilionyesha kinyume chake.

Kosa jingine la karakana ni gumu kuliona. Umeme wa ukutani hautulii. Mtu akiwasha mashine ya kuchomelea chumba cha pili, 230 inaweza kuwa 225 kabla hujahamisha waya wa mita. Nilimwambia kijana arudie hesabu kana kwamba soketi ilisoma 225 huku namba nyingine zikibaki vilevile. Pembe ya awamu ilipanda hadi digrii 38.3, tofauti ya digrii moja na kidogo. Hilo linavumilika. Lakini ukinzani wa ndani ya choki, tutakaouona sasa hivi, ulishuka kutoka omu 51 hadi 32. Pembetatu hiyohiyo inatoa jibu imara kwa swali moja na jibu legelege kwa jingine. Ndiyo maana soketi inapimwa mwanzo na inapimwa tena mwisho, na zikitofautiana unaanza upya.

Niseme pia juu ya hatari. Volti 230 zinaua, na kuhamisha nyaya za mita kwenye saketi iliyo hai si kazi ya kufanyia nyumbani. Darasa lisilo na meza salama linaweza kutumia transfoma ya volti 24 na rezista ya omu 470 yenye uwezo wa wati 2 badala ya balbu. Mkondo utakuwa milliampea 37 hivi, mishale yote itakuwa mifupi, na pembe itatoka karibu na ileile, kwa kuwa pembe inategemea uwiano wa pande, haitegemei urefu wake.

Na usiirudishe choki kwenye taa yake ukatarajia pembetatu safi namna hii. Gesi ndani ya tyubu haina tabia ya rezista. Volti zake hazipandi kwa upole na mkondo, zinakaa karibu bapa na kugeuka ghafla, na wimbi la namna hiyo haliwakilishwi na njiti moja ya gurudumu. Ukichora utapata pembe ya kukadiria, isiyofaa zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo naanza na balbu ya uzi.

Mwishoni tulirudi kwenye kile kilichotusumbua, ule mwinamo wa choki. Kwa kanuni ileile ya kosaini, pembe kati ya mshale wa choki na mkondo ilikuwa digrii 82.4, si 90. Sehemu yake ya wima ni volti 139, na ukigawa kwa ampea 0.36 unapata omu 385, upinzani wa koili yenyewe kwa umeme wa mizunguko 50. Sehemu ya mlalo ni volti 18.4. Gawa kwa 0.36: omu 51. Kijana akachomoa plagi, akatenganisha choki, akaipima kwa mita ya omu. Ikasoma 30.

Akanitazama. Pembetatu inasema 51, shaba inasema 30.

Nilimuuliza nguvu inakwenda wapi. Akakokotoa taratibu: 230 mara 0.36 mara 0.797 ni wati 66 kutoka kwenye soketi. Balbu inachukua 165 mara 0.36, wati 59.4. Zinabaki wati 6.6 kwa ajili ya choki. Waya wa omu 30 kwa mkondo huo unakula wati 3.9 tu. Zilizobaki hazipiti kwenye shaba kabisa. Zinaliwa na chuma kilicho katikati ya koili, kinachosumakishwa upande huu na upande ule mara 50 kwa sekunde, na kwa mita ya omu, inayotumia betri, chuma hicho hakionekani.

Plagi ilikuwa bado imechomolewa. Akaweka kiganja juu ya bati la choki, akakiacha pale kwa muda. "Ina joto," alisema.